Chati ya Maji, Dalili za Upungufu wa Maji Mwilini na Uchaguzi wa Dripu kwa Mtoto Mgonjwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yamekusanywa kutokana na mazungumzo ya kukabidhiana zamu na mafunzo ya wodini pamoja na wauguzi, matabibu na wanafunzi wanaohudumia watoto katika mikoa ya Mtwara na Lindi. Mengi yanamhusu mtoto aliyekwisha kuvuka mwezi mmoja, aliyefika akiwa na upungufu wa maji, akarudishiwa maji hayo, kisha akalazimika kubaki kwenye dripu kwa saa kadhaa kwa sababu hawezi kunywa. Ni katika saa hizo za baadaye, mtoto anapoonekana ameshapona hatari, ndipo aina ya maji inapoweza kumdhuru.

Nitajuaje kwamba mtoto amepungukiwa na maji, na kwa kiasi gani?

Katika mtoto anayeharisha, angalia mambo manne kwa pamoja: hali yake ya ufahamu, macho yake, namna anavyokunywa, na ngozi ya tumbo inavyorudi baada ya kufinywa. Mtoto anayesumbuka na kulialia, ambaye macho yameingia ndani, anayekunywa kwa pupa na ambaye ngozi yake inarudi polepole, ana upungufu wa kiasi, na dalili mbili kati ya hizo zinatosha kumweka katika kundi hilo. Akiwa amelegea au hana fahamu, hawezi kunywa au anakunywa kwa shida, macho yameingia ndani, na ngozi inachukua sekunde 2 au zaidi kurudi, basi dalili mbili kati ya hizi zinaonyesha upungufu mkali.

Ngozi ifinywe katikati ya kitovu na ubavu, kwa kidole gumba na cha shahada, mkunjo ukifuata urefu wa mwili, ishikwe kwa sekunde moja kisha iachiliwe. Wengi hufinya ngozi ya mkono au ya paja, na hapo jibu huwa halitegemeki. Kuhusu macho, muulize mama au bibi aliyemleta kama ndivyo yalivyo siku zote, maana wapo watoto wenye macho ya ndani kwa maumbile, na mlezi anaijua sura ya mtoto kuliko sisi.

Uzito ndio ushahidi ulio bora kuliko yote pale unapopatikana. Kadi ya kliniki ikionyesha kilo 12 wiki mbili zilizopita na leo mizani ikisoma 11, mtoto huyo amepoteza takriban lita moja ya maji, kwa kuwa kilo moja inayopotea kwa siku mbili za kuharisha haiwezi kuwa nyama.

Je, dalili hizi zinafaa kwa mtoto mwenye utapiamlo mkali?

Hazifai kwa namna hiyohiyo. Mtoto aliyekonda ana ngozi inayorudi polepole na macho yaliyoingia ndani hata kama maji yake yametimia, na mtoto aliyevimba anaweza kuonekana ana maji mengi huku mzunguko wake wa damu ukiwa na upungufu. Huyu hapewi dripu isipokuwa yuko katika mshtuko, bali hupewa maji maalumu ya ReSoMal kwa mdomo au kwa mrija wa puani, mililita 5 kwa kila kilo kila baada ya nusu saa kwa saa 2 za mwanzo, huku mapigo ya moyo na upumuaji vikihesabiwa. Hesabu zinazofuata katika ukurasa huu hazimhusu.

Tunaomba mfano mmoja tangu mtoto anapofika.

Mtoto wa miaka miwili aliletwa saa 10 jioni na bibi yake kutoka kijiji kimoja cha uwanda wa Makonde, baada ya siku mbili za kuharisha na kutapika. Mizani ilisoma kilo 11, kadi ya kliniki ilikuwa na kilo 12. Alikuwa amelegea, hakuweza kunywa, na ngozi ilirudi polepole sana. Hakuwa na utapiamlo. Huo ni upungufu mkali, na kwa mtoto aliyetimiza mwaka mmoja hupewa mililita 100 kwa kilo ndani ya saa 3: mililita 30 kwa kilo katika nusu saa ya kwanza, kisha mililita 70 kwa kilo katika saa mbili na nusu zinazofuata. Kwake ilikuwa mililita 330, kisha 770, jumla 1,100. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hupewa kiasi hichohicho kwa kilo, lakini kwa saa 6, sehemu ya kwanza ikichukua saa moja na ya pili saa 5.

Maji yaliyotumika ni ringa laktati, na kama isingekuwapo ingetumika selaini ya 0.9%. Ilipofika saa 1 usiku mtoto alikuwa amefumbua macho, ngozi inarudi mara moja, na uzito wake ni kilo 11.9. Hadi hapo kazi ilikuwa imefanyika vizuri, na kwa kawaida angeendelea na ORS kwa kikombe. Lakini yeye aliendelea kutapika kila alichopewa, hata kilichopitishwa kwenye mrija wa puani, na homa yake ilikuwa juu. Daktari akaagiza abaki kwenye dripu ya kumtunza usiku huo.

Kiasi cha dripu ya kumtunza mtoto kinahesabiwaje?

Hutumika kanuni iliyoandikwa na madaktari Holliday na Segar mwaka 1957: kwa kilo 10 za kwanza mililita 100 kwa kilo kwa siku, kwa kilo 10 zinazofuata mililita 50 kwa kilo, na kwa kila kilo inayozidi 20 mililita 20. Mtoto wa kilo 12 anapata 1,000 na 100, yaani mililita 1,100 kwa saa 24, au mililita 46 kwa saa.

Kwenye bureti yenye matone 60 kwa mililita, idadi ya matone kwa dakika ni sawa na idadi ya mililita kwa saa, kwa hiyo ni matone 46. Kwenye mpira wa kawaida wenye matone 20 kwa mililita, gawanya kwa 3, na utapata matone 15. Soma idadi ya matone kwenye karatasi ya mpira kabla ya kuhesabu, kwa sababu kubadilisha mpira bila kubadilisha hesabu kunampa mtoto mara tatu ya maji yaliyokusudiwa.

Kama kiasi ni sahihi, aina ya maji ina umuhimu gani?

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi kuliko yote, na usiku ule lilijibiwa vibaya. Kanuni ya 1957 ilihesabu mahitaji ya maji kwa kufuata nishati anayotumia mtoto, na mahitaji ya chumvi kwa kulinganisha na maziwa ya mama na ya ng'ombe. Matokeo yake yalikuwa maji yenye takriban milimoli 30 za sodiamu kwa lita, wakati damu ya mtoto ina kati ya 135 na 145. Mtoto mwenye afya njema hutoa maji ya ziada kwa mkojo bila shida. Mtoto mgonjwa hawezi, kwa sababu homa, maumivu, kutapika, nimonia, homa ya uti wa mgongo na upasuaji vyote huuamsha ubongo utoe homoni inayozuia mkojo. Figo zikishapata amri hiyo, maji yanayoingia yanabaki ndani, na kama yameingia bila chumvi, sodiamu ya damu inazimuka.

Maji ya isotoniki ni yale ambayo sodiamu yake inakaribia ile ya damu: selaini ya 0.9% ina milimoli 154 kwa lita, na ringa laktati ina 130 au 131. Hayo hubaki nje ya seli. Maji ya hipotoniki yana sodiamu kidogo zaidi: selaini ya 0.45% ina 77, selaini ya 0.18% yenye deksitrosi ina takriban 31, na deksitrosi 5% tupu haina kabisa. Kwa hayo, sehemu ya maji huingia ndani ya seli, zikiwamo za ubongo, ambao umefungwa ndani ya fuvu na hauna nafasi ya kuvimba.

Lakini lebo ya deksitrosi 5% inaonyesha osmolariti 278, inayokaribia ile ya damu. Kwa nini iitwe hipotoniki?

Kwa sababu lebo inaeleza hali ya maji yakiwa bado kwenye chupa. Sukari hiyo huyazuia yasiharibu chembe za damu yanapoingia mshipani, lakini baada ya muda mfupi seli huichukua na kuitumia, na kinachobaki ni maji matupu. Ndivyo ilivyo pia kwa selaini ya 0.45% yenye deksitrosi 5%, ambayo lebo yake inasoma takriban 406, namba inayomfanya msomaji adhani ni maji mazito, hali milimoli 77 za sodiamu ndizo pekee zitakazobaki kuyazuia maji hayo nje ya seli. Unaposoma lebo kwa ajili ya dripu ya kumtunza mtoto, tafuta mstari wa sodiamu.

Usiku ule kilitokea nini?

Agizo lilisema "dripu, mililita 46 kwa saa" bila kutaja aina. Chupa iliyokuwa karibu ilikuwa ya deksitrosi 5%, na ndiyo iliyotundikwa saa 2 usiku. Nilikuwa nimepangiwa zamu ya asubuhi, nikafika saa 12 na kukuta mtoto analala sana, akiamshwa analia na kushika kichwa. Chati ilionyesha mililita 460 za dripu kwa saa 10. Upande wa kutoka ulikuwa na mkojo mililita 90, matapishi 60 na choo 40.

Nikamuuliza bibi yake, "Bibi, usiku mjukuu amekunywa chochote?" Akajibu, "Nimempa maji, mwanangu, kijiko kwa kijiko, midomo ilikuwa inamkauka. Hakutapika yote." Alinionyesha kikombe cha plastiki, na kwa kukipima tukapata kama mililita 150. Hakuna aliyekuwa amemuuliza, na yeye hakufanya kosa lolote: alifanya ambalo bibi yeyote angefanya.

Kwa hiyo zilizoingia ni 610, zilizotoka 190, na ziada ni 420. Mizani ilisoma kilo 12.2, yaani gramu 300 zaidi ya jioni, na tofauti iliyobaki ilitoka kwa pumzi na jasho, ambavyo chati haivipimi. Kabla hatujamaliza kuandika, mtoto alipata degedege. Sukari ya damu ilikuwa 6.8, kipimo cha malaria hakikuonyesha vimelea, na majibu ya maabara yalikuja na sodiamu 122.

Mkojo ulikuwa mdogo. Je, hiyo si dalili kwamba alihitaji maji zaidi?

Hapo ndipo wengi hupotea. Mtoto wa kilo 12 anatarajiwa kutoa angalau mililita moja kwa kilo kwa saa, yaani 120 kwa saa 10, na huyu alitoa 90 za rangi nzito. Anayesoma safu ya mkojo peke yake ataongeza kasi ya dripu, na kwa deksitrosi 5% angeongeza uvimbe wa ubongo.

Mkojo mdogo una maana mbili, na zinatofautishwa kwa kuzisoma safu zote na kumtazama mtoto. Mtoto aliyepungukiwa na maji ana mizani ya maji iliyo hasi, yaani yaliyotoka yanazidi yaliyoingia, uzito umeshuka, macho yameingia ndani, ngozi inarudi polepole na mikono ni ya baridi. Mtoto anayezuia maji ana mizani chanya, uzito umepanda, ngozi inarudi mara moja, mikono ina joto, na wakati mwingine kope zimejaa. Wa pili akianza kuumwa kichwa, kutapika upya, kuchanganyikiwa au kulala kupita kiasi, pima sodiamu siku hiyohiyo, na usisubiri degedege.

Alitibiwaje?

Dripu ya deksitrosi ilisimamishwa hapohapo na njia ya hewa ikalindwa. Daktari aliagiza selaini ya 3%, mililita 3 kwa kilo, yaani mililita 36 kwa muda wa dakika 15, na degedege ikakoma. Dawa za degedege peke yake mara nyingi hushindwa katika hali hii, kwa sababu chanzo ni uvimbe. Baada ya hapo hakuna haraka tena: sodiamu iachwe ipande polepole, takriban milimoli 8 kwa siku, kwa kuwa kuipandisha kwa kasi kunaweza kuudhuru ubongo kwa namna nyingine. Maji yalibadilishwa kuwa selaini ya 0.9% yenye deksitrosi 5%, kwa theluthi mbili ya kasi ya awali, yaani mililita 31 kwa saa, na sodiamu ikapimwa tena kila baada ya saa 4.

Basi dripu ipi itumike kwa kumtunza mtoto mgonjwa?

Kwa walio wengi kuanzia siku 28 hadi miaka 18, ni maji ya isotoniki yenye deksitrosi 5%. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa mwongozo wa namna hiyo mwaka 2018, pamoja na potasiamu inayofaa kwa wale wanaotoa mkojo. Deksitrosi inabaki kwa sababu mtoto asiyekula huishiwa sukari upesi, ila iwe imechanganywa na chumvi.

Chupa iliyochanganywa kiwandani isipopatikana, andaa kwa usafi wa hali ya juu: kutoka kwenye mfuko wa mililita 500 wa selaini ya 0.9%, toa mililita 50, kisha weka mililita 50 za deksitrosi 50%. Utapata deksitrosi 5%, na sodiamu itashuka hadi takriban 139, ambayo bado inalingana na damu. Ukifanya hivyo kwa ringa, sodiamu inashuka kutoka 130 hadi 117, ambayo tayari ni hipotoniki, na kwa sababu hiyo mimi huchagua selaini kwa mchanganyiko huu. Tikisa mfuko, na ubandike lebo yenye ulichoweka, saa na jina lako.

Ni lini maji ya hipotoniki yanafaa?

Yanafaa pale mtoto anapokosa maji zaidi kuliko chumvi, kama vile sodiamu iliyopanda sana ikiwa imethibitishwa na maabara na mshtuko umeshatibiwa, au ugonjwa unaozifanya figo zimwage maji bila kizuizi. Watoto wachanga, wenye ugonjwa wa moyo, figo au ini, na wenye majeraha makubwa ya moto wana hesabu zao, na daktari aandike agizo lao mahususi. Kwa kurudisha maji ya haraka katika mshtuko au upungufu mkali, hipotoniki haitumiki hata mara moja.

Chati ijazwe vipi ili isidanganye?

Andika kilichoingia mwilini, si kilichotundikwa. Mfuko wa mililita 500 uliotundikwa saa 2 na kukutwa na 300 saa 6 umempa mtoto 200, hata kama agizo lilitaka zaidi. Andika jina kamili la maji katika kila mstari, kwa sababu neno "dripu" peke yake lingeficha kosa lote la usiku ule. Hesabu pia maji yanayotumika kusafishia kanula na yale yanayochanganywa na dawa za sindano, maana kwa mtoto mdogo yanafika mbali.

Kwa mkojo wa mtoto asiyetumia chombo, pima uzito wa kitambaa cha khanga au nepi ikiwa kavu, kisha ikiwa imelowa, na kila gramu inayozidi ihesabiwe mililita moja. Mkojo ukichanganyika na choo cha maji, andika kama ulivyo na utaje kwamba umechanganyika. Jumla ipigwe kila mwisho wa zamu, mbele ya anayepokea, na mlezi aulizwe mtoto amekunywa nini. Mpe kikombe chenye alama, na umweleze kwa nini unauliza, ili asifikiri anakaguliwa. Uzito uchukuliwe kila asubuhi kwa mizani ileile, mtoto akiwa hana nguo.

Je, madafu yanaweza kuchukua nafasi ya ORS?

Pwani ya Lindi na Mikindani swali hili haliepukiki, kwa kuwa dafu liko mlangoni. Maji ya dafu yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo mno kuliko ORS, ambayo ina milimoli 75 kwa lita. Kwa hiyo mtoto anayeharisha apewe ORS iliyochanganywa kwa kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti, na dafu liwe kinywaji cha nyongeza kwa asiye na upungufu wa maji.

Dripu iondolewe lini?

Mara tu mtoto anapoweza kunywa bila kutapika. Mtoto tuliyemweleza alikuwa na sodiamu 129 asubuhi iliyofuata, alikuwa ameamka, anamtambua bibi yake na anaomba uji. Alipewa ORS mililita 5 kwa kijiko kila baada ya dakika chache kwa saa moja, na alipoishika, kasi ya dripu ikapunguzwa kwa nusu, kisha ikaondolewa mchana. Jioni mkojo ulikuwa mililita 2 kwa kilo kwa saa, mwepesi, na mizani ikasoma kilo 11.9. Chati iliendelea kujazwa kwa saa 24 zaidi, safari hii bibi mwenyewe akihesabu vikombe na kutuita kila kimoja kilipoisha.